Ritifaa Iliyoshikilia Pesa za Mjomba

Najua nimekuwa kimya kwa muda mrefu hapa. Wengine mmeniandikia barua pepe kuuliza kama nimeacha kublogu au nimerudi Nairobi. Sijaacha, na bado niko hapa hapa Voi na joto lake. Sababu ya ukimya ni mjomba wangu, na leo nataka kuwaeleza kisa chake kwa sababu ndani yake kuna jambo la kompyuta ambalo naamini litamsaidia mtu.

Mjomba ni mkulima wa Mbololo. Jumamosi moja mwaka 2025 alikuwa amebebwa kwenye boda boda akitokea Mwatate, pikipiki ikateleza kwenye changarawe, na yeye akaangukia nyonga. Alipigwa eksirei hapa Voi na daktari akasema shingo ya mfupa wa paja imevunjika. Mfupa huo haufungwi plasta, unahitaji chuma. Akapelekwa Mombasa, na huko tukaambiwa tuweke amana ya shilingi 180,000 kabla ya chuma kuagizwa.

Mnajua mambo ya familia. Kila mmoja akanitazama mimi, yule "kijana wa kompyuta". Jumatatu usiku nikafungua ukurasa wa harambee kwenye tovuti moja ya michango inayopokea M-Pesa na pia kadi za benki, maana tuna ndugu Doha na wengine Uingereza. Sitaitaja jina, kwa sababu yaliyonipata yangeweza kunipata kwenye tovuti yoyote ya aina hiyo. Kufungua ukurasa kulinichukua dakika kumi. Kufikia Ijumaa jioni tulikuwa na shilingi 263,400. Nikabonyeza kitufe cha kutoa pesa, nikatabasamu, nikampigia mama simu.

Kisha nikaona maandishi mekundu: malipo yamesimamishwa hadi utambulisho wa mwandalizi uthibitishwe.

Kwa nini wanauliza mwishoni?

Swali la kwanza la kila mtu nyumbani lilikuwa hili: mbona hawakuuliza siku ya kwanza? Jibu ni kwamba tovuti nyingi za michango hukuruhusu uanze kuchangisha kwa jina, simu na barua pepe tu, kwa sababu mtu mwenye mgonjwa akikutana na fomu ndefu atakata tamaa na kuondoka. Pesa inayoingia haina hatari kubwa kwao, kwa kuwa bado iko mikononi mwao na wanaweza kuirudisha. Hatari iko pale inapotoka. Hapo ndipo sheria inawabana wajue ni nani anayepokea.

Kwetu Kenya, sheria ya mwaka 2009 ya kupambana na utakatishaji wa fedha, katika kifungu cha 45, inazitaka taasisi za fedha kuthibitisha utambulisho wa wateja wao. Februari 2024 shirika la kimataifa la FATF liliiingiza Kenya kwenye orodha ya nchi zinazofuatiliwa kwa karibu katika mambo hayo. Hata tovuti ikiwa ya nje, kampuni inayosafirisha pesa zake ina wajibu wa namna hiyo hiyo kwao. Kwa hiyo si kwamba mtu fulani amekutilia shaka wewe binafsi. Ni lango, na kila mtu hupitia.

Jambo ambalo sikulielewa mwanzoni ni kwamba lango hilo lina milango mitatu, na barua pepe wanayokuandikia haisemi wazi uko kwenye mlango upi. Wa kwanza: je, wewe ni mtu halisi, na hati hii ni yako? Wa pili: je, akaunti inayopokea pesa ni ya mtu huyo huyo? Wa tatu: je, pesa zinakwenda kwenye jambo ulilolitaja? Mimi nilidhani kuna mlango mmoja. Nikaugonga mara tatu na kukataliwa mara tatu.

Jaribio la kwanza na la pili

Ijumaa hiyo usiku nilipiga picha kitambulisho changu upande wa mbele, nikatuma pamoja na selfi, nikalala. Jumamosi na Jumapili hakuna aliyefanya kazi. Jumatatu jibu likaja: hati haijakamilika. Walitaka na upande wa nyuma. Kitambulisho chetu kina alama ya kidole na mistari ya kusomwa na mashine kwa nyuma, kwa hiyo bila upande huo mashine haina cha kusoma. Siku tatu zilipotea kwa kutogeuza kadi.

Hapo hapo nikakutana na kisiki kingine kidogo. Fomu ilitaka tarehe ya kuisha kwa hati. Kitambulisho cha zamani hakina tarehe hiyo. Kama una Maisha Kadi iliyoanza kutolewa karibuni, yenyewe inayo. Kama huna, usibuni tarehe, kwani hati na fomu zitapingana. Tafuta kisanduku cha kusema hati haina ukomo, na kisipokuwepo tumia pasipoti.

Nikatuma pande zote mbili. Jumatano jibu likaja: jina halilingani na la akaunti. Akaunti yangu niliifungua nikiwa mwaka wa kwanza chuoni, na benki iliandika majina mawili tu. Kitambulisho kina matatu. Kwa binadamu wa kawaida hilo si tatizo, lakini kwa programu inayolinganisha maneno, mtu mwenye majina mawili si yule mwenye matatu.

Kufikia hapo hali Mombasa ilikuwa mbaya. Mjomba alikuwa kitandani mguu ukivutwa kwa uzani, hawezi kugeuka. Shangazi akauza ng'ombe. Zilizobaki, shilingi 100,000, tukakopa kwenye chama kwa riba ya asilimia kumi kwa mwezi. Alhamisi akafanyiwa upasuaji. Kwa hiyo nawaambia mapema, mjomba yuko hai na anatembea kwa mkongojo. Lakini deni lilikuwa linaanza kuhesabika, na kwenye kundi la familia la WhatsApp ndugu mmoja akaandika, bila kunitaja, kwamba "kuna watu wamepata nyumba kwa magonjwa ya wenzao". Nilisoma maneno hayo nikiwa nje ya wodi.

Jaribio la tatu, na ritifaa

Mimi ni mmoja wa akina Mwang'ombe. Ukija Taita utatukuta wengi. Jina lina ritifaa katikati, ile alama ndogo tuliyofundishwa shule ya msingi kutofautisha *ng* ya "ngoma" na *ng'* ya "ng'ombe".

Jumatano usiku niliamua kutumia pasipoti, nikajaza fomu upya kwa simu, kila jina kama lilivyo kwenye pasipoti, na nikaambatisha taarifa ya benki. Ijumaa jibu likaja: jina uliloandika halilingani na hati. Na pia: anwani haikubaliki.

Sasa hapo nilikasirika. Nililinganisha herufi kwa herufi kwa macho. Yalikuwa sawa kabisa. Jumamosi asubuhi nikakaa na kompyuta, nikanakili jina kutoka kwenye fomu niliyojaza kwa simu, nikaliweka kando ya lile ninaloandika kwa kibodi ya kompyuta. Tazameni:

```
>>> "Mwang'ombe" == "Mwang’ombe"
False
>>> hex(ord("'")), hex(ord("’"))
('0x27', '0x2019')
```

Simu yangu ina mazoea ya kurembesha maandishi. Ukiandika ritifaa iliyonyooka, yenyewe inaigeuza kuwa iliyopinda. Kwa macho ni alama moja, lakini kwa kompyuta ni herufi mbili tofauti kama vile A na B. Mimi ninayelipwa kuandika programu nilikuwa nimesahau.

Na si hilo tu. Chini ya ukurasa wa picha wa pasipoti kuna mistari miwili yenye alama nyingi za `<`. Hiyo ndiyo mashine husoma kwanza. Kanuni za kimataifa za hati za kusafiria, zinazotolewa na ICAO katika waraka namba 9303, zinasema ritifaa huondolewa kwenye mistari hiyo na herufi huungana. Kwa hiyo mimi nina majina manne kwa wakati mmoja: `MWANG'OMBE` juu ya pasipoti, `MWANGOMBE` kwenye mistari ya mashine, `Mwang’ombe` kutoka kwenye simu, na benki yangu, kwa kuwa mfumo wao ulikataa ritifaa na kuweka nafasi, `MWANG OMBE`.

Kwa wenzangu waandishi wa programu, tafadhali safisheni majina kabla ya kuyalinganisha. Mistari mitano inatosha:

```
def sawazisha(jina):
    jina = jina.upper()
    for alama in "'’‘`ʼ":
        jina = jina.replace(alama, "")
    return " ".join(jina.split())
```

Hii inayaweka sawa majina matatu kati ya yale manne. La benki linabaki peke yake, kwa sababu nafasi si alama ya kuondoa ovyo. Ukiondoa nafasi zote utaunganisha majina ya watu. Kwa hilo hakuna ujanja wa msimbo. Ilibidi niende benki kwa miguu.

Na kuhusu anwani: nilikuwa nimeandika sanduku la posta, Voi 80300, kama nilivyoandika maisha yangu yote. Kwetu hiyo ndiyo anwani. Kwao sanduku si mahali mtu anapoishi, na mifumo mingi hulikataa moja kwa moja. Stripe, mojawapo ya kampuni kubwa zinazosafirisha malipo ya mtandaoni, huwachapishia waandishi wa programu orodha ya misimbo ya makosa, na humo mna huu hapa: `invalid_address_po_boxes_disallowed`. Mna na `verification_document_name_mismatch` na `verification_document_missing_back`. Niliposoma orodha hiyo nilicheka peke yangu. Makosa yangu yote yalikuwa na majina tayari. Ni kwamba barua pepe zinazomfikia mtu wa kawaida huandikwa kwa upole hadi sababu inapotea.

Nilivyomaliza

Jumatatu nilifika tawi la benki kabla halijafunguliwa. Niliomba mambo mawili. La kwanza, majina kwenye akaunti yarekebishwe yafanane na kitambulisho, yote matatu. Kuna fomu ya kurekebisha taarifa za mteja, unaijaza na kuonyesha kitambulisho halisi. La pili, barua ya kuthibitisha akaunti, yenye muhuri na sahihi, inayotaja namba ya akaunti na majina kamili ya mwenyewe. Mfumo wao bado haukuipokea ritifaa, lakini sasa waliondoa ile nafasi, na kwenye barua afisa aliandika jina kama lilivyo kwenye kitambulisho pamoja na namba ya kitambulisho. Barua hiyo ndiyo iliyounganisha `MWANGOMBE` wa benki na `MWANG'OMBE` wa pasipoti.

Kwa anwani, nilijaza jina la nyumba, barabara na mji, nikaiacha 80300 kwenye kisanduku cha msimbo wa posta tu. Ushahidi wa makazi ni kazi kwetu sisi wapangaji, maana umeme ni wa tokeni na mita iko kwa jina la mwenye nyumba. Nilichofanya ni kuiambia benki, kwenye fomu ile ile, iandike makazi yangu, kisha wakanichapishia taarifa mpya ya akaunti yenye anwani hiyo. Angalia tarehe ya karatasi hiyo. Tovuti niliyotumia ilitaka isizidi miezi mitatu.

Kwa mlango wa tatu niliambatisha barua ya hospitali yenye jina la mjomba, namba yake ya kulazwa na makadirio ya gharama, pamoja na karatasi aliyotia sahihi mjomba mwenyewe akisema ananiruhusu kupokea mchango kwa niaba yake, na nakala ya kitambulisho chake. Hawakuwa wameniomba bado. Lakini nilijua wataomba, kwa sababu mwandalizi ni mimi na mgonjwa ni mwingine, na sikutaka kurudi nyuma ya foleni.

Hilo la foleni likumbukwe. Kila unapotuma kitu kipya, faili lako linaanza upya. Ukiona hali ni "inasubiri", usiguse chochote. Ukiona "hatua inahitajika", hapo ndipo utende, na utende mara moja kwa ukamilifu. Wiki ya kwanza, kwa papara, nilibadilisha akaunti ya kupokelea nikaweka ya dada yangu, nikidhani yake itapita haraka. Mfumo ukaona mwandalizi mmoja na akaunti ya mtu mwingine, yaani kile kile wanachokitafuta kwa matapeli. Niliirudisha siku hiyo hiyo, ila nadhani nilijiongezea muda.

Nilijaza fomu kwa kompyuta, si kwa simu. Nilipiga picha pasipoti mchana, karibu na dirisha, bila mwako wa kamera, maana mng'ao wa plastiki hufuta herufi, na pembe zote nne zionekane. Jumatatu jioni nikatuma. Jumatano: imethibitishwa. Ijumaa pesa zikaingia benki, siku kumi na nne kamili tangu nibonyeze kitufe.

Kuna aliyeniuliza mbona nisiombe ziende M-Pesa moja kwa moja. Muamala mmoja wa M-Pesa hauzidi shilingi 250,000, nami nilikuwa na 263,400 kabla ya makato. Benki ilikuwa njia iliyonyooka zaidi. Kama mchango wenu ni mdogo na laini imesajiliwa kwa majina ya kitambulisho, M-Pesa inafaa. Kabla ya hapo, mwombe mtu akutumie shilingi kumi na uone jina linalojitokeza kwenye ujumbe wake.

Kuhusu kundi la familia

Wiki ya kwanza nilikuwa nikiwajibu ndugu kwa maneno: "inashughulikiwa", "subirini kidogo". Maneno hayo ndiyo yale yale anayotumia mtu aliyekula pesa. Baada ya ule ujumbe wa "nyumba", niliacha kujieleza. Nilipiga picha ukurasa wa hali ya malipo, nikafunika namba ya pasipoti na ya akaunti, nikaituma kundini pamoja na tarehe niliyotuma hati na jibu nililopata. Nikafanya hivyo kila jibu lilipokuja, hata la kukataliwa. Maneno yaliisha. Ndugu yetu wa Doha aliniandikia faraghani kwamba na yeye benki ya huko ilimkatalia jina kwa sababu ya ritifaa, akaiondoa kwenye hati zake zote. Sikujua.

Zilipoingia tulilipa chama 110,000, tukalipa bili iliyobaki, na kilichosalia kinakwenda kwenye mazoezi ya mguu. Ng'ombe hakurudi. Shangazi hajalalamika hata mara moja, na hilo linanisumbua kuliko angelalamika, kwa sababu nikipiga hesabu, mambo yote niliyoyafanya kwa wiki mbili ningeweza kuyafanya Jumatatu ile ya kwanza, kabla ya kusambaza kiungo kwa mtu yeyote. Ukurasa wa uthibitisho ulikuwepo kwenye mipangilio tangu mwanzo. Siku moja benki, usiku mmoja wa kujaza fomu, na mchango ungekuwa ukiingia huku faili langu likisomwa.

Juzi mjomba alinitembelea hapa Voi, akakaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni na kuniuliza ni kitu gani hasa kilichokuwa kimezuia pesa. Nikachukua karatasi nikaandika jina letu, nikamwonyesha kile kijialama. Akakitazama kwa muda.

"Hiki tu?"

"Hiki, mjomba, na mimi kutotazama."

Akakunja karatasi akaitia mfukoni. Haya, kwa leo niishie hapo. Kazi zimenisubiri.